Siku Saba Bila Jibu: Ukumbusho Usio na Vijembe

Tuseme kikundi cha wakulima wa miwa cha Sakwa ya Kati, Awendo, kilituma barua pepe Jumatatu tarehe 5 kuomba nakala ya kandarasi ya kalvati kwenye barabara inayopitwa na matrekta yao. Wiki imepita kimya. Katibu anaandika:

“Kama tulivyokwisha kueleza katika barua ambayo huenda hukupata nafasi ya kuisoma, tunangoja kandarasi. Tunajua ofisi ina mambo muhimu kuliko yetu. Asante mapema kwa kutotupuuza tena.”

Hakuna tusi hapo, lakini kila sentensi ina kijembe. Afisa anayeisoma hushughulika kwanza na kujitetea, na barua iliyoanza kwa lawama ni rahisi kuiacha hadi kesho. Huenda pia ombi lilifika kwenye dawati lisilohusika, na anayelaumiwa hajawahi kuliona.

Namna ya kutambua kijembe ni kufuta maneno, kisha kuuliza kama afisa amepoteza habari yoyote anayohitaji ili kujibu. Ukifuta “mambo muhimu kuliko yetu”, hapotezi kitu. “Kama tulivyokwisha kueleza” inabeba habari moja tu, kwamba barua ilitangulia, na tarehe yake inaisema vizuri zaidi. “Asante mapema” peke yake haina ubaya. Sumu iko katika “kutotupuuza tena”.

Baada ya kusafishwa, ukumbusho unabaki hivi, ukitumwa kama jibu juu ya barua ileile ya kwanza:

“Tarehe 5 tuliomba nakala ya kandarasi ya kalvati. Tafadhali tujulishe kama ombi limefika na ni nani analishughulikia. Tutashukuru kupata jibu kufikia Ijumaa tarehe 16, kwa kuwa kikundi kinakutana Jumamosi.”

Siku ya kujibiwa imebaki, pamoja na sababu yake. Wengi wakiondoa ukali huondoa na hiyo, wakaishia na “tukumbukeni”, na afisa hajui la kufanya. Kumtumia gavana nakala katika ukumbusho wa kwanza, kwa upande mwingine, ni kijembe hata kama maneno ni matamu.

Kuna sababu nyingine ya kutolaumu mapema. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inaipa ofisi ya umma hadi siku 21 kujibu ombi la habari, na inaweza kuongeza 14 mara moja ikiwa ombi ni kubwa au linahitaji mashauriano. Habari inayogusa uhai au uhuru wa mtu hutolewa ndani ya saa 48. Siku ya saba, basi, afisa wa kalvati bado hajachelewa kisheria.

Siku 21 zikiisha bila jibu, ombi huhesabiwa kuwa limekataliwa. Mwombaji ana siku 30 za kupeleka suala kwa Tume ya Haki za Kiutawala, yaani ofisi ya Ombudsman, ambako anaweza kuambatisha barua zote mbili.