Pilau ya watu 40 na hesabu ya sinia

Chukua hitima ya watu 40 pale Mishomoroni. Pilau ya ng'ombe ambayo nyumbani hula watu wanane kwa kilo moja ya mchele inazidishwa mara tano: mchele kilo 5, nyama isiyo na mfupa kilo 4, mafuta ya kupikia lita 1.2. Kila mgeni hapo ana gramu 125 za mchele mkavu na 100 za nyama mbichi, yaani protini karibu gramu 29, wanga karibu 100 na mafuta yapatayo 38, ya nyama yakiwemo.

Hesabu hiyo huharibika kwanza kwenye kukaanga. Vitunguu vimejaa sufuria, vinaonekana vikavu, na mpishi anamimina mafuta kutoka kwenye mtungi. Akifika lita 2, kila mtu ameongezewa gramu 18 za mafuta, kalori 165 hivi, wala hakuna atakayeonja tofauti kubwa. Kwa hiyo mafuta yapimwe kabla ya kuwasha moto na mtungi uondolewe jikoni. Vitunguu vikianza kushika, nyunyiza supu ya nyama.

Maji hayazidishwi mara tano. Sufuria kubwa yenye mfuniko mzito haipotezi mvuke kwa kiasi hicho, na anayezidisha tu hupata bokoboko. Maji hayana virutubisho, lakini huongeza uzito, na upawa wa pilau yenye majimaji hubeba mchele mchache kuliko wa pilau iliyochambuka. Ndiyo maana sipendi kupakua kwa kukadiria upawa.

Pima sufuria tupu kwa mizani ya kuning'iniza, uandike uzito wake. Pilau ikiiva, toa nyama yote kando, kisha upime tena sufuria na wali. Tuseme wali peke yake, ukoko ukiachwa, ni kilo 13. Masinia 10 ya watu wanne wanne, kila moja kilo 1.3.

Nyama ihesabiwe, na hapa ndipo ninaposisitiza zaidi. Vipande huzama chini. Masinia ya mwanzo yakipakuliwa juujuu hupata wali mtupu, ya mwisho yakafurika nyama, na theluthi mbili za protini ya mlo zimo kwenye nyama hiyo. Kata vipande 160 vinavyolingana, kila sinia lipate 16, vipangwe juu kwa makundi manne ili kila upande uwe na chake. Ukinunua nyama ya mfupa, na mfupa ukawa robo ya uzito, itakubidi ununue kilo 5.3 kufikia kilo 4 za nyama.

Mwenye kisukari apakuliwe sahani yake kabla ya masinia kutoka: gramu 160 za wali, nusu ya fungu, wanga ubaki 50 hivi, na vipande vyake vinne vyote. Kwenye sinia hakuna awezaye kujua amekula kiasi gani.