Pesa au Betri? Kuisoma Pete Mbili katika Picha ya Eksirei ya Mtoto

Makala haya yanahusu duara moja jeupe lionekanalo katika picha ya eksirei ya mtoto, na namna duara hilo linavyoweza kusomwa visivyo. (Kamusi zetu zina neno uyoka, lakini katika hospitali za pwani ya Kenya ni eksirei itajwayo, nasi tutaifuata.) Mzazi atokaye Ganda, viungani mwa Malindi, hufika hospitalini na kauli fupi: mtoto amemeza pesa. Kauli hiyo huandikwa kwenye fomu, na fomu hutangulia picha. Anayeisoma picha huwa amekwisha kuambiwa atafute sarafu, na kila kitu cha duara chenye ung'avu wa chuma hufanana na sarafu. Tunavyoona sisi, hatari huanzia katika neno hilo. Mzazi mara nyingi hakukiona kitu kikimezwa; aliona mtoto akidondokwa na mate na kukataa chakula, akakisia.

Swali la kwanza la msomaji wa picha ni: kitu kiko wapi? Mtoto hupigwa picha mbili, moja ya mbele na moja ya ubavuni, zikianzia shingoni na kufika nyonga, kwani picha ya kifua pekee huweza kukiacha nje kitu kilichokwama shingoni. Umio, yaani njia ya chakula, umelazwa nyuma ya koo la hewa. Kwa kawaida sarafu iliyokwama katika umio huonekana kama duara kamili katika picha ya mbele, na kama mstari mwembamba katika ile ya ubavuni. Ikiwa imeingia koo la hewa, mara nyingi huwa kinyume, kwa kuwa pete za gegedu za koo hilo ziko wazi upande wa nyuma na huiachia sarafu nafasi ya kusimama wima. Kanuni hii hukosea mara nyingine. La kutegemewa zaidi ni picha ya ubavuni yenyewe: hewa ya kooni huonekana kama mfereji mweusi, na kitu kilicho nyuma ya mfereji huo kimo katika umio.

Umio una sehemu tatu nyembamba ambamo vitu hukwama: juu kabisa, usawa wa mitulinga, katikati, unapopita kando ya upinde wa mshipa mkuu wa damu, na chini, unapokaribia tumbo. Ile ya juu ndiyo inasayo vitu vingi zaidi kwa watoto.

Swali la pili ndilo zito: kitu hicho ni nini? Betri bapa ya duara, ambayo wengi huiita betri ya saa ingawa siku hizi imo katika rimoti, mizani na vitu vya kuchezea, haikuundwa kwa kipande kimoja cha chuma. Ina vikombe viwili. Kimoja ni kipana, nacho ni upande chanya; cha pili ni chembamba kidogo, hukifunika cha kwanza kama kifuniko, nacho ni upande hasi. Kati yao mna ukanda wa plastiki. Miale ipitapo katikati ya betri hukutana na chuma kingi, na ipitapo ukingoni hukutana na kichache. Kwa hiyo picha ya mbele huonyesha duara ndani ya duara: pete mbili. Picha ya ubavuni huonyesha ngazi ndogo, upande mmoja ukiwa mpana kuliko wa pili. Sarafu, kinyume chake, huwa na ukingo mmoja na pande mbili zilizolingana.

Hapa Kenya kuna utata usiopaswa kupuuzwa. Sarafu za shilingi 10 na 20 zimeundwa kwa metali mbili, kiini cha rangi moja na ukingo wa rangi nyingine, na metali hizo huweza kuacha vivuli viwili tofauti katika picha. Sarafu mbili zilizolaliana nazo huweza kuigiza pete mbili. Kwa upande mwingine, betri nyembamba au iliyolala mshazari huweza kuificha ngazi yake, hasa picha isipokuzwa na mwanga wake kurekebishwa. Picha ya ubavuni huondoa sehemu kubwa ya shaka. Ikibakia, kitu hicho huhesabiwa kuwa betri. Kosa la kuitoa sarafu kwa haraka ni dogo. Kosa la kuisubiri betri halina kifani.

Tofauti hiyo ya gharama yatoka katika kemia. Mtoto asiye na dalili za taabu aliyekwamwa na sarafu katika umio huweza kuangaliwa kwa saa 12 hadi 24, kisha akapigwa picha tena, maana baadhi ya sarafu hushuka zenyewe. Betri haingoji. Kuta za umio zenye unyevu huigusa pande zote mbili, mkondo wa umeme hupita, na maji ya mwili yaliyo kwenye upande hasi huvunjwa na kuzalisha haidroksidi, alkali ya jamii moja na kostiki ya watengenezaji sabuni. Nyama huanza kuungua katika dakika 15, na majeraha makubwa huweza kutokea katika saa mbili. Si lazima betri ivuje. Hata ile iliyoshindwa kuendesha rimoti huwa imebakiwa na umeme wa kutosha kuunguza.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mtoto wa miaka miwili wa Ganda anadondokwa na mate tangu saa tatu asubuhi. Saa nne picha inapigwa Malindi: duara limekwama usawa wa mitulinga, nyuma ya mfereji wa hewa, na fomu inasema "pesa". Daktari anaikuza picha, anaona pete ya pili, kisha ngazi katika picha ya ubavuni, na upande mwembamba umeelekea mbele. Anamuuliza mama kama kuna rimoti iliyofunguka nyumbani. Mama anakumbuka betri yenye maandishi CR2032, yaani upana wa milimita 20 na unene wa milimita 3.2. Saa moja imekwisha kupita. Iwapo mtaalamu wa kuitoa kwa darubini ya umio hayupo karibu, Mombasa iko umbali wa kilomita 120 hivi, na safari hiyo peke yake huweza kumeza saa mbili. Ndiyo maana simu ya kumwarifu mpasuaji hupigwa kabla ya makaratasi kujazwa.

Njiani, mtoto aliyetimiza mwaka mmoja na awezaye kumeza huweza kupewa asali, mililita 10 kila baada ya dakika 10, isizidi mara sita, ikiwa betri ilimezwa ndani ya saa 12 zilizopita. Asali hupunguza ukali wa alkali. Haiitoi betri, wala safari haicheleweshwi kwa ajili ya kuitafuta. Hapewi chakula kingine, wala hatapishwi.

Upande mwembamba ulioelekea mbele una maana yake: huko ndiko kuliko koo la hewa na, chini kidogo, mshipa mkuu wa damu. Ukielekea nyuma, wahatarishwao ni mifupa ya uti wa mgongo. Betri ikishatolewa, kidonda huweza kuendelea kula nyama kwa siku au wiki kadhaa, hivyo mtoto atapikaye damu hata kidogo katika kipindi hicho hurudishwa hospitalini saa ile ile.