Sabini na mbili gawanya kwa riba

Mama anayeuza vitenge Kariakoo ana shilingi milioni 2 ambazo hazihitaji kwenye biashara kwa sasa. Benki inampa riba ya asilimia 9 kwa mwaka akiziweka kwenye akaunti ya muda maalumu. Swali lake si la hesabu za darasani, ni la mtu mwenye mipango: lini zitakuwa milioni 4?

Jibu linapatikana bila kikokotoo. Chukua 72, gawanya kwa riba. Sabini na mbili gawanya kwa 9 ni 8, basi miaka 8. Riba ingekuwa asilimia 6, ingechukua miaka 12. Ingekuwa 12, miaka 6. Kiasi cha fedha hakiingii kabisa kwenye hesabu hii, kwa sababu laki 2 na milioni 200 zinajirudufu kwa muda uleule riba ikiwa ni moja.

Tuihakiki kwa fedha za mama huyu. Mwaka wa kwanza milioni 2 zinazaa shilingi 180,000, na akaunti inasoma 2,180,000. Mwaka wa pili riba haihesabiwi tena kwenye milioni 2 bali kwenye 2,180,000, kwa hiyo anapata 196,200. Mwaka wa tatu anapata 213,858. Kila mwaka nyongeza inanenepa, na mwishoni mwa mwaka wa 8 salio ni 3,985,125. Amepungukiwa shilingi 15,000 hivi kufikia milioni 4, sawa na wiki mbili tatu za kusubiri.

Lakini hesabu hiyo imesimama juu ya sharti moja ambalo watu wengi hulipita bila kuliona: riba lazima ibaki ndani na yenyewe izae. Kwenye fomu ya akaunti ya muda maalumu kwa kawaida kuna sehemu inayouliza muda ukiisha benki ifanye nini. Unaweza kuchagua mtaji na riba vyote viendelee, au mtaji uendelee na riba ihamishiwe kwenye akaunti yako ya kawaida, au vyote vitoke. Wengi huchagua la pili, kwani inapendeza kuona 180,000 zinaingia kwenye simu kila mwaka. Hakuna ubaya. Ila kwa mtu huyo kanuni ya 72 haifanyi kazi. Yeye anagawa 100 kwa 9, na milioni 2 zake zitazaa milioni 2 nyingine baada ya miaka 11 na mwezi mmoja na ushee, tena kama hakuzigusa zile zilizoingia kwenye simu. Alama moja ya kalamu kwenye fomu imemgharimu miaka mitatu.

Jambo jingine ni kwamba mkataba wa akaunti hizi mara nyingi ni wa miezi 12 au chini ya hapo, na unapouendeleza benki inakupa riba ya siku hiyo. Miaka 8 ya riba moja ni nadra. Hapo kanuni ina ujanja wake ambao sijui kwa nini hausemwi mara nyingi: badala ya kugawanya, jumlisha. Andika riba ya kila mwaka chini ya ile ya mwaka uliopita, na jumla ikifika 72 fedha zako zimejirudufu, au zimekaribia sana. Tuseme mama alipata asilimia 9 kwa miaka mitatu, kisha 8 kwa miaka mitatu, kisha 7 kwa miaka mitatu. Ishirini na saba, ishirini na nne na ishirini na moja: jumla 72. Ukipiga hesabu yenyewe, mwaka wa 9 ukiisha milioni 2 zimefika 3,996,981.

Sasa tuingize serikali. Tanzania mtu mkazi anakatwa kodi ya zuio ya asilimia 10 kwenye riba ya amana, na benki huikata kabla fedha hazijaingia kwenye akaunti. Ni asilimia 10 ya riba, si ya amana nzima. Kwa hiyo kwenye zile 180,000 za mwaka wa kwanza, 18,000 zinakwenda na 162,000 zinabaki. Riba iliyoandikwa kwenye bango ni 9, riba inayomfikia mama ni 8.1. Kenya makato hayo ni asilimia 15, na 9 yao inashuka hadi 7.65. Namba ya kugawanyia 72 ni hii ya baada ya kodi. Kwa 8.1 jibu ni miaka 8 na miezi 11 hivi, na kweli mwaka wa 9 ukiisha akaunti inasoma 4,031,000 na chenji.

Kwa nini 72 na si namba nyingine? Kanuni yenyewe ni kongwe. Mtawa na mwanahisabati Mwitaliano Luca Pacioli aliitaja kwenye kitabu chake cha hisabati kilichochapwa Venisi mwaka 1494, bila kueleza ilikotoka. Namba halisi ya kihisabati ni 69.3, na hiyo ndiyo sahihi riba inapokuwa ndogo sana au inapoongezwa kila wakati bila kusubiri mwaka uishe. Riba inapoongezwa mara moja kwa mwaka, na ikiwa karibu asilimia 8, namba inayotoa jibu sahihi inapanda hadi 72. Bahati nzuri 72 inagawanyika kwa 2, 3, 4, 6, 8, 9 na 12 bila kubaki kitu, wakati 69.3 haimfai mtu anayepiga hesabu kichwani amesimama dirishani kwa mhudumu.

Kati ya asilimia 4 na 12 kosa lake ni la miezi michache tu. Nje ya hapo linaanza kuonekana. Kwa asilimia 2 kanuni inasema miaka 36, kumbe ni 35. Kwa asilimia 20 inasema 3.6, kumbe ni 3.8. Ukiipeleka kwenye asilimia 100 inachekesha: inadai fedha zitajirudufu kabla ya miezi 9, wakati kila mtu anaona kwamba riba ya mia kwa mia inarudufu fedha kwa mwaka mmoja kamili. Kwa riba kubwa yapo marekebisho mepesi: kwa kila asilimia 3 zinazozidi 8, ongeza 1 kwenye 72. Asilimia 20 imezidi 8 kwa 12, kwa hiyo unaongeza 4. Sabini na sita gawanya kwa 20 ni 3.8.

Kanuni hiyohiyo inapima bei za sokoni. Mfumuko wa bei Tanzania katika miaka ya karibuni umekuwa kwenye asilimia 3 hivi. Sabini na mbili gawanya kwa 3 ni 24, yaani kwa mwendo huo bei zinajirudufu kila miaka 24. Katika miaka 9 ambayo mama anasubiri milioni 4 zake, bei zitakuwa zimepanda kwa asilimia 30. Zile 4,031,000 zitanunua mzigo ambao leo unapatikana kwa milioni 3.1 hivi. Akitaka kujua lini fedha zake zitanunua vitenge mara mbili ya vya leo, atoe 3 kwenye 8.1 kisha agawanye 72 kwa 5.1 inayobaki. Anapata miaka 14. Hii ndiyo tarehe ambayo mimi ningeiandika kwenye daftari, ingawa hakuna benki itakayoibandika ukutani.

Kuna wanaoikimbia akaunti ya muda maalumu na kwenda kwenye hatifungani za serikali, zinazouzwa kwa mnada na Benki Kuu. Tuseme mtu amepata ya asilimia 12 kwa mwaka na ameweka milioni 5. Haraka haraka anasema miaka 6, milioni 10. Hapo anajidanganya, kwa sababu hatifungani hailimbikizi riba. Kila miezi 6 anawekewa shilingi 300,000 kwenye akaunti yake ya benki, na mtaji unabaki milioni 5 uleule hadi siku ya kuiva. Akiziacha zilale, baada ya miaka 6 atakuwa amepokea 3,600,000, jumla milioni 8.6. Ili kanuni imfae lazima kila malipo yawekezwe tena kwa riba inayokaribia 12, na hapo anakutana na kizingiti: kima cha chini cha kununua hatifungani ni shilingi milioni 1, na 300,000 haifiki. Ndiyo maana wazoefu huzipeleka kwanza kwenye mfuko wa uwekezaji wa pamoja, kama ile inayosimamiwa na UTT AMIS, zikae zikizaa hadi zitimie milioni. Faida ya mfuko haitakuwa ileile ya hatifungani, kwa hiyo miaka 6 itakuwa 6 na kitu.

Upande wa deni kanuni inafanya kazi kwa kasi ya kutisha, kwa sababu riba za mtaani huhesabiwa kwa mwezi. Ukiingiza riba ya mwezi, jibu linatoka kwa miezi. Mkopo wa kausha damu wa asilimia 20 kwa mwezi, kama riba isiyolipwa inaongezwa kwenye deni, unajirudufu kwa miezi 3.8. Aliyekopa laki 5 mwezi Januari bila kurejesha chochote, kabla Mei haijafika anadaiwa milioni. Muulize mkopeshaji kabla ya kutia sahihi kama riba iliyochelewa nayo inatozwa riba. Akisema hapana, deni linapanda kwa laki moja kila mwezi na kufika milioni baada ya miezi 5.

Na inageuzika pia. Mtu akikutajia muda, gawanya 72 kwa muda huo upate riba anayoahidi. Mwaka 2009 Watanzania wengi walikuwa wamepanda fedha DECI wakiambiwa watavuna kuzidi walichopanda baada ya miezi michache, hadi serikali ilipoingilia na kuusimamisha kuwa ni upatu. Ahadi ya kurudufu fedha kwa miezi 6 ni 72 gawanya kwa 6, yaani asilimia 12 kwa mwezi. Nayo si 12 mara miezi 12, kwa sababu fedha zinazojirudufu kila nusu mwaka zinakuwa mara nne mwaka ukiisha: milioni 2 za mama wa Kariakoo zingekuwa milioni 8 Desemba hii na milioni 32 Desemba ijayo. Anayekuahidi hivyo mwombe akuonyeshe biashara ambayo, baada ya kulipa pango, mishahara na kodi, inabakiza asilimia 12 kila mwezi kwa fedha za kila aliyejiunga.