Wazo moja, maelezo matatu

Maelezo ya picha yanayofaa kwenye stetasi ya WhatsApp hayafai yalivyo kwenye Facebook wala Instagram, hata kama habari ni ileile. Kila uwanja una wasomaji wake, na kila msomaji anafika akiwa anajua jambo fulani na hajui jingine. Anayetangaza habari moja katika nyanja tatu hashiki maneno. Anashika wazo, kisha analivisha upya kila mahali.

Kazi huanza kwa kuliandika wazo lenyewe kwa sentensi moja isiyo na pambo. Tuseme mpishi wa Unguja anauza mkate wa kumimina. Mkate huo hauna ngano. Ni wa mchele uliolowekwa usiku kucha, ukasagwa na tui la nazi, ukatiwa sukari, iliki na hamira, ukaachwa uumuke ndipo umiminwe sufuriani. Wazo lake ni hili: mkate wa Ijumaa huagizwa Alhamisi, kwa sababu mchele lazima ulale majini. Sentensi hiyo ina mambo mawili, siku ya mwisho ya oda na sababu yake. Yote mawili yabaki kila mahali. Kinachobadilika ni kile kinachoyazunguka.

Stetasi huonwa na watu waliohifadhi namba ya mpishi, naye akawa na zao. Hao wanamjua, wanajua anapokaa, na wengi wamekwisha kula mkate wake. Hakuna haja ya kujitambulisha wala kusifia. Tena stetasi ya maandishi matupu hupunguza ukubwa wa herufi kadiri maneno yanavyozidi, hivyo maneno machache husomeka kwa mbali. Maneno kumi na manne yanatosha:

*Mchele wa mkate wa Ijumaa unalowekwa Alhamisi saa 11 jioni. Oda kabla ya hapo.*

Kosa linaloharibu stetasi kama hii ni neno “leo”. Stetasi hukaa saa 24. Iliyowekwa Jumatano usiku itafunguliwa na wengine Alhamisi mchana, na “oda mwisho kesho” itawapeleka Ijumaa, mchele ukiwa umeshasagwa. Siku itajwe kwa jina lake.

Chapisho la Facebook husambazwa, likafika kwa mtu asiyemjua mpishi, pengine asiyewahi kuuona mkate wenyewe. Huyo anahitaji kila kitu ambacho stetasi iliacha: mkate ni nini, unapatikana wapi, bei gani, namba ipi. Nafasi ipo tele, lakini chapisho refu hukatwa baada ya mistari michache na kufichwa nyuma ya “Ona zaidi”. Kwa hiyo wazo lote litangulie:

*Mkate wa kumimina hauna ngano hata chembe. Ni mchele unaolala majini usiku kucha, ndiyo maana oda za Ijumaa zinafungwa Alhamisi saa 11 jioni.*

Baada ya hapo ndipo zifuate hatua za upishi, kila moja na aya yake fupi, na mwisho bei, mtaa na namba ya simu. Tarehe kamili iandikwe pia, maana chapisho laweza kusambazwa wiki tatu baadaye, na “Ijumaa” peke yake haitamwambia mtu ni Ijumaa ipi.

Kwenye Instagram picha ndiyo inayoanza kusema. Mkate mzima ukipigwa kwa juu huonekana kama keki yoyote. Kipande kilichokatwa, chenye vitundu vya hamira vinavyoonekana ubavuni, hujieleza chenyewe. Maelezo yasirudie kinachoonekana, kama vile “mkate mlaini mweupe”. Yaseme kile ambacho jicho haliwezi kukijua:

*Hakuna ngano humu: ni mchele na tui. Oda za Ijumaa mwisho Alhamisi saa 11 jioni.*

Maelezo ya Instagram huruhusu herufi 2,200, lakini kinachoonekana kabla ya kubofya ni kama herufi 125 za mwanzo. Mfano huu unaingia humo wote. Kiungo kilichoandikwa ndani ya maelezo hakibofyeki, kwa hiyo kiungo cha kuagizia huwekwa kwenye wasifu.

Maswali yanayorudi ndiyo yanayoonyesha nguo isiyokaa sawa. “Uko wapi?” kwenye Facebook ni dalili kwamba chapisho liliandikwa kama stetasi. “Hii ni keki ya nini?” kwenye Instagram ni dalili kwamba picha na maelezo vimesema jambo moja, na lile la pili halikusemwa na yeyote. Na anayeuliza Ijumaa asubuhi kama bado anaweza kuagiza, basi sababu imeachwa njiani: aliiona saa ya mwisho, lakini hakuambiwa kwamba mchele hulala majini.