Mswada sio sheria: soma hivi kabla hujapandisha bei

Wauzaji, Mswada wa Fedha wa Kenya wa 2024 ulizunguka kwa skrinshoti, na wengi waliona namba mpya tu. Shida iko hapo. Mswada huwa hauandiki sheria yote upya. Unasema: kwenye kifungu fulani, futa maneno haya, weka haya. Yanayofutwa ndiyo sheria ya leo. Yanayowekwa ni pendekezo.

Chukua ushuru wa kutuma pesa kwa simu. Mswada ulitaka kufuta asilimia 15 na kuweka 20. Kwa hiyo ushuru wenyewe haukuwa mpya, tulikuwa tunaulipa tayari. Pendekezo lilikuwa zile 5 za juu. Halafu angalia unatozwa kwa nini: ni kwa ada ya kutuma, sio kwa pesa unayotuma. Tuseme ada kabla ya ushuru ni shilingi 20. Kwa asilimia 15 unalipa 23, kwa asilimia 20 ungelipa 24. Shilingi moja. Inauma ukituma mara hamsini kwa siku, lakini sio sababu ya kumwongezea mteja shilingi mia kwa kila kiatu.

Sasa hii ya pili ndiyo ingeweza kukuingiza matatani, na watu waliipita haraka kwa sababu ilikuwa habari njema. Sheria ilisema mauzo yako yanayotozwa VAT yakifika milioni 5 kwa miezi 12, lazima ujisajili kwa VAT, na una siku 30 za kufanya hivyo. Mswada ulipendekeza kiwango kipande hadi milioni 8. Muuza viatu anayeuza vya 500,000 kwa mwezi anafika milioni 6 kwa mwaka. (Ni mauzo hayo, sio faida! Hata kama faida yake ni ndogo, hesabu ni ileile.) Kwa sheria iliyokuwepo, huyo anatakiwa kujisajili. Kwa mswada, angepumua.

Angengoja basi? Fuata tarehe. Tarehe 18 Juni 2024 ilitangazwa kwamba nyongeza ya ushuru wa kutuma pesa imeondolewa. Tarehe 25 Bunge likapitisha mswada, vijana wakiwa barabarani. Siku iliyofuata Rais Ruto akatangaza hatautia saini, na mswada ukaondolewa wote. Wote maana yake hata ile nafuu ya milioni 8 ilienda nao. Muuza viatu wetu akabaki na sheria yake ya milioni 5, na deni la kujisajili.

Ukiletewa mswada mwingine, tafuta neno linalofutwa kwanza. Kisha uliza: Bunge limepitisha? Rais ametia saini? Unaanza tarehe gani? Hiyo ya mwisho husomwa mwanzoni mwa mswada, na vifungu vingine huanza kwa tarehe tofauti. Kabla ya hapo, unaposajiliwa au kutoza mteja, namba yako ni ile ya zamani.