Johannesburg: Namna ya kukutana na mnunuzi usiyemjua

Biashara ya bidhaa zilizotumika kupitia matangazo ya mtandao imekuwa jambo la kawaida mjini Johannesburg, Afrika Kusini. Lakini sehemu yenye hatari zaidi katika biashara hiyo haiko mtandaoni. Ipo katika ile nusu saa ambapo watu wawili wasiojuana hukutana, mmoja akiwa na mali na mwingine akiwa na fedha.

Historia ya matangazo hayo ina uhusiano wa karibu na nchi hiyo. Tovuti ya Gumtree ilianzishwa mjini London mwaka 2000, na miongoni mwa watumiaji wake wa mwanzo walikuwa vijana wa Afrika Kusini, Australia na New Zealand waliokuwa wakitafuta vyumba na kazi nchini Uingereza. Mwaka 2005 ilinunuliwa na kampuni ya Kimarekani ya eBay. Baadaye lilifuata soko la Facebook, ambako mnunuzi anaweza kumfikia muuzaji kwa ujumbe mmoja tu.

Polisi wa Afrika Kusini wametoa tahadhari zaidi ya mara moja kuhusu watu wanaovutwa na matangazo ya bei nafuu, hasa ya magari, kisha kuporwa wanapofika kutazama bidhaa. Wengine huzuiliwa kwa saa kadhaa na kulazimishwa kufungua programu ya benki kwenye simu na kuhamisha fedha zao.

Wakazi wa Johannesburg wanaozungumza Kiswahili, wakiwemo Wakongo na Watanzania wa mtaa wa Yeoville, nao wamo katika soko hilo. Mtu anayehama nyumba au kurejea kwao huuza jokofu, kitanda, simu au kompyuta, na aliyewasili karibuni huvinunua.

Mahali pa kukutana

Chukua mfano wa mkazi wa Yeoville anayeuza kompyuta ya mkononi kwa randi 6,500. Jioni ya siku ya tangazo anapata ujumbe. Mnunuzi haulizi umri wa kompyuta wala hali ya betri. Hataki kupunguziwa bei. Anachotaka ni kompyuta hiyo iletwe usiku huo huo kwenye ghorofa moja huko Hillbrow.

Hakuna hata moja kati ya mambo hayo ambalo peke yake ni ushahidi wa wizi. Yakija pamoja, hata hivyo, yanaonyesha mtu ambaye hashughulishwi na bidhaa. Mnunuzi wa kweli huwa na wasiwasi wa kupoteza fedha zake, na kwa hiyo huuliza maswali mengi. Mporaji hana cha kupoteza, na kwa sababu hiyo hukubali kila kitu isipokuwa mahali na saa.

Muuzaji anapaswa kuchagua mahali mwenyewe, na kupataja kabla ya kuulizwa. Kutoka Yeoville, jumba la maduka la Killarney au lile la Rosebank si mbali. Humo mna walinzi, kamera za usalama, watu wengi na matawi ya benki. Saa nne au saa tano asubuhi ni wakati mzuri, kwani benki zimefunguliwa na kila mmoja ana nafasi ya kurudi nyumbani kukiwa bado mchana.

Mahali penyewe pawe ndani ya jumba, kwa mfano meza ya mkahawa. Pasiwe katika maegesho ya magari, ambako kamera huona kwa mbali na gari la kutorokea liko karibu. Ukumbi wa kituo cha polisi ni salama zaidi, na muuzaji anaweza kupendekeza kituo chochote kilicho karibu na pande zote mbili. Wahamiaji ambao karatasi zao bado zinashughulikiwa mara nyingi husita kuingia huko. Kwao, jumba la maduka ndilo chaguo linalofuata kwa ubora.

Dalili iliyo muhimu kupita zote hujitokeza siku yenyewe. Muuzaji akiwa tayari amefika, simu inalia: mnunuzi amekwama kazini, lakini ndugu yake yuko barabara ya pili na anaomba afuatwe huko. Kubadilishwa kwa mahali katika dakika ya mwisho ndiko kunakomtoa mtu mbele ya kamera na walinzi. Jibu lake ni moja tu: biashara itafanyika mahali palipokubaliwa, au siku nyingine.

Inafaa pia muuzaji afuatane na mtu wa pili, akae meza nyingine bila kujitambulisha. Picha za tangazo nazo zikaguliwe mapema, zisionyeshe nambari ya nyumba, lango au jina la ghorofa.

Wakati wa malipo

Mahali pakiwa salama, hatari huhamia kwenye malipo. Udanganyifu ulioenea ni ujumbe mfupi au risiti ya benki inayoonyesha kwamba fedha zimetumwa. Karatasi hiyo inaweza kutengenezwa kwa simu katika dakika chache, ikiwa na nembo ya benki na jina la muuzaji.

Hata risiti ya kweli haitoshi. Nchini Afrika Kusini, uhamisho wa kawaida kati ya benki mbili tofauti unaweza kuchukua siku moja ya kazi au zaidi kufika. Aliyetuma Ijumaa jioni anaweza kuwa na risiti halali, ilhali akaunti ya muuzaji haitaongezeka hadi wiki ifuatayo. Katika muda huo kompyuta imekwisha ondoka.

Njia nyingine ya ulaghai ni mnunuzi kudai amelipa, kisha kumtuma dereva wa teksi ya mtandao kuchukua mzigo. Mara nyingi dereva huyo hajui lolote. Anafikisha mzigo alikoelekezwa, na polisi wakimpata hana jina la kuwapa.

Kanuni basi ni kwamba mali haitoki mkononi hadi muuzaji afungue akaunti yake mwenyewe, kwenye simu yake mwenyewe, na kuona kwamba fedha zilizopo zimeongezeka. Njia mbili zinaliwezesha jambo hilo kufanyika palepale mezani.

Ya kwanza ni malipo ya papo hapo. Mfumo uitwao PayShap, uliozinduliwa mwaka 2023, huhamisha fedha baina ya benki zinazoshiriki kwa muda mfupi sana. Mwanzoni kiwango cha juu kilikuwa randi 3,000 kwa kila malipo, kisha mwaka 2024 kikaongezwa hadi randi 50,000. Benki, hata hivyo, zinaweza kumwekea mteja kiwango cha chini ya hapo, na hivyo mnunuzi anapaswa kuangalia chake kabla ya kutoka nyumbani.

Ya pili inamfaa mnunuzi mwenye fedha taslimu. Wawili hao huenda pamoja kwenye mashine ya kuwekea fedha ya benki ya muuzaji, ndani ya jumba la maduka, na mnunuzi huziweka moja kwa moja kwenye akaunti ya muuzaji. Mashine huhesabu noti, hukataa zile isizozitambua, na katika benki nyingi fedha huonekana kwenye akaunti mara moja. Faida yake kubwa ni kwamba muuzaji hatoki nje akiwa na randi 6,500 mfukoni. Kufuatwa kutoka benki ni uhalifu unaojulikana sana Johannesburg.

Upande wa mnunuzi

Mnunuzi naye ana hatari zake, na moja haihusiani na bunduki wala kisu. Sheria ya Afrika Kusini ya mwaka 1955, katika kifungu chake cha 37, inamtia hatiani anayepokea mali ya wizi, isipokuwa katika mauzo ya hadhara, bila kuwa na sababu ya maana ya kuamini kwamba ni mali ya aliyempa. Bei ya kutupa, isiyo na risiti wala maelezo, si kinga mahakamani.

Kwa simu ya mkononi, ukaguzi huchukua kama dakika kumi. Mnunuzi hubonyeza *#06# na nambari ya IMEI hujitokeza. Nambari hiyo ilinganishwe na iliyoandikwa kwenye boksi au risiti. Simu iliyoripotiwa kuibwa hufungiwa na mitandao ya simu ya nchi hiyo, na kampuni za simu zinaweza kueleza kama nambari fulani imefungiwa.

Kisha mnunuzi huingiza kadi yake ya simu na kupiga. Mwisho, muuzaji aondoe akaunti yake kwenye kifaa mbele ya mnunuzi. Anayeshindwa kufanya hivyo kwa kuwa eti amesahau neno la siri, huenda hakulijua kamwe. Bila neno hilo, simu nyingi za kisasa hubaki zimefungwa na hazina matumizi.

Karatasi ndogo yenye majina ya pande zote, tarehe, bei na nambari ya IMEI, ikiwa na saini mbili, humlinda mnunuzi baadaye. Muuzaji halali kwa kawaida haoni tatizo kuonyesha kitambulisho.

Vitu vikubwa

Jokofu au kabati haliwezi kubebwa hadi jumba la maduka. Hapo mgeni hulazimika kuja nyumbani, na usalama hupungua. Linalowezekana ni kukitoa kitu hicho hadi kwenye ukumbi wa chini au karibu na lango la ghorofa, kuwepo kwa watu wawili au watatu, na malipo kuthibitishwa kabla ya gari la mizigo kupakia.

Kuhusu magari, safari ya kwanza iwe ya kutazama tu, mchana, mahali pa hadhara, bila ya fedha. Simu yenye programu ya benki ibaki nyumbani, na ichukuliwe nyingine. Mwenye gari la kweli atalileta hadi kwenye kituo cha ukaguzi wa magari pamoja na cheti cha usajili. Anayesisitiza kwamba mnunuzi afike nyumbani kwake, peke yake, akiwa na fedha taslimu, amekwisha jieleza.

Iwapo uporaji utatokea licha ya tahadhari zote, mali iachwe iende. Polisi hupatikana kwa nambari 10111, au 112 kutoka simu ya mkononi. Benki iarifiwe mara moja ili akaunti ifungwe. Mazungumzo yaliyofanyika mtandaoni yasifutwe, kwani nambari ya simu na picha ya tangazo mara nyingi ndivyo vitu pekee ambavyo mpelelezi ataanzia. Mwathirika aombe pia nambari ya kesi, ambayo kampuni ya bima na kampuni ya simu huidai.