Mkufu wa Manjano: Soma Alama Kabla ya Kulipa

Ugomvi kati ya muuza vito na mteja wake mara nyingi huanzia katika neno moja: "dhahabu". Muuzaji hulitumia kwa maana ya rangi, mnunuzi akalisikia kwa maana ya madini. Tunaeleza hapa tofauti ambayo inafaa itajwe wazi kabla ya malipo.

Tuchukue mikufu mitatu ya manjano, kila mmoja una uzito wa gramu 10. Wa kwanza umegongwa alama 585, ambayo ni sawa na 14K. Huo ni dhahabu kwa unene wake wote: katika kila sehemu 1,000, sehemu 585 ni dhahabu halisi, nazo zilizobaki ni metali nyingine zinazouimarisha. Ndani yake mna gramu 5.85 za dhahabu.

Wa pili una alama 1/20 14K GF. Kiini chake kwa kawaida ni shaba ya manjano, na juu yake limegandamizwa tabaka la dhahabu ya karati 14 lenye uzito wa sehemu moja ya ishirini ya mkufu. Tabaka hilo ni nusu gramu tu, na dhahabu halisi iliyomo haifiki theluthi moja ya gramu. Ukitunzwa, hudumu miaka mingi bila kubadilika.

Wa tatu una alama GP. Umechovywa tu, na utando wake ni mwembamba mno. Hata ukiandikwa 18K GP, karati hizo ni za utando, si za mkufu. Utachubuka kwanza kwenye kifungo na panaposuguana, kisha shaba itaacha rangi ya kijani shingoni.

Alama 925 huwapotosha wengi. Maana yake ni fedha yenye usafi wa asilimia 92.5. Ikionekana juu ya pambo la manjano, hiyo ni fedha iliyochovywa dhahabu. Fedha halisi nayo huwa nyeusi kwa sababu ya salfa iliyomo hewani; weusi huo hufutika kwa kitambaa laini, wala si ushahidi wa ulaghai. Kwa upande mwingine, ile iitwayo "fedha ya Kijerumani" haina fedha hata chembe. Ni mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki.

Kwa kuwa alama yaweza kugongwa na mlaghai, mpelekee sonara pambo la thamani alipime kwa asidi. Mwombe akwaruze kwa kina, kwani asidi ikigusa juu tu, tabaka la GF litajibu kama dhahabu. Kisha risiti itaje uzito, karati, na iwapo pambo ni dhahabu tupu, limegandamizwa au limechovywa. Ikitokea mashitaka ya udanganyifu, maandishi hayo ndiyo yatakayoonyesha muuzaji aliahidi nini.